Mita Arobaini za Mfereji wa Juu

Mimi ni fundi cherehani, na watu wa kazi yangu wanajulikana kwa maneno. Sikatai. Lakini habari hii ya mke wangu nimeifungia mdomo mwaka mzima kwa sababu mwenyewe alinikataza kuisema, na leo nimechoka. Akikasirika atakasirika akiwa kazini, na akirudi atakuta nimeshapika.

Sebuleni kwetu, pale ambapo majirani zetu hutundika picha ya harusi, umetundikwa mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani, urefu wake mita kumi na tano. Picha ya harusi yetu iko chumbani, nyuma ya mlango. Kuna mgeni aliwahi kuniuliza kwa sauti ya chini kama tuna mgonjwa anayetundikiwa maji. Nikamwambia mgonjwa ni mimi, na ugonjwa wangu ni kuoa fundi.

Huo ni mpira wa levo. Unaujaza maji, mmoja anashika ncha hii na mwenzake anashika ncha ile, na hata kama katikati kuna shimo au kichuguu, maji ya ncha zote mbili yatasimama usawa mmoja. Ukishaupata usawa, unajua wapi ni juu, wapi ni chini, na kwa kiasi gani. Mke wangu alianza kazi za ujenzi kwa kubeba ndoo za maji ya kuchanganyia zege. Siku moja mwashi mmoja mzee alikosa mtu wa kumshikia ncha ya mpira, akamwita yeye, na tangu siku hiyo ncha ile hakuiachia. Sasa ni miaka ishirini na miwili. Ameweka usawa wa misingi ya nyumba nisizoweza kuzihesabu, amesomesha watoto wetu wawili nusu kwa nusu na cherehani yangu, na mtaa mzima unamwita Mama Kipimo. Mimi, baada ya miaka yote hiyo, bado naitwa mume wa Mama Kipimo.

Mtaa wetu uko chini ya mlima, na maji yetu ya kunywa yanatoka kwenye chemchemi iliyojengewa kuta fupi za zege na bomba mbili. Mwaka juzi mkandarasi mmoja alikata barabara huko juu, akauacha mlima wazi, mvua zikamkuta hivyo hivyo. Tope lilishuka mpaka likafunika bomba zote mbili. Kwa miezi miwili tulichota maji mbali, na Bibi Muuza Mkaa, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, kila alipopita na ndoo kichwani aliwalaani wajenzi wote waliowahi kushika beleshi. Alikuwa akilaani kwa sauti ya juu hasa akifika mlangoni kwetu. Mke wangu hakuwa na mkono katika barabara ile, lakini alisikia, na nilijua anasikia.

Kwa hiyo ilipotangazwa kwamba kituo cha afya kitajengwa kwenye mteremko ulio juu ya chemchemi, watu hawakushangilia. Sehemu tambarare ya kusimamishia jengo ingekatwa mlimani, na mvua zilikuwa zimebakiza wiki saba.

Injinia wa kazi hiyo ni mtu wa makamo, mpole, miwani yake imefungwa mkono mmoja kwa uzi. Uzi nimembadilishia mimi. Alikataa kuingiza katapila kabla ya kuandika mpango wa kuzuia mmomonyoko na tope, na kabla ya kuuandika alimwita mke wangu, wakautembea mteremko siku tatu. Mke wangu alinieleza mpango ule mezani, kwa kijiko na chumvi.

"Maji yako ya aina mbili," alisema. "Kuna yanayotoka juu yetu, hayo ni safi, na kuna yanayonyesha kwenye udongo wetu uliochimbwa, hayo ni machafu. Kazi yote ni kuyazuia yasikutane."

Juu kabisa ungechimbwa mfereji wa kukinga maji safi, mita mia moja kuukata mlima kwa ubavu, ukiteremka taratibu, sentimita kumi kwa kila mita kumi, mpaka mdomo uliopangwa mawe, na hapo maji yaingie bondeni kwenye majani. Chini kabisa lingekuwa bwawa la kutuamisha tope: maji machafu yaingie, yatulie, udongo uzame, maji yatoke polepole juu ya mawe. Kati ya bwawa na mtaa ungepita uzio wa kitambaa, ukifuata usawa wa mlima. Langoni ingewekwa kokoto kubwa ili magari yaache tope kabla ya kutoka. Na hivi vyote vikamilike kwanza. Baada ya hapo ndipo udongo wa juu uondolewe, kwa vipande vinne, kimoja baada ya kingine, kila kilichokamilika kifunikwe nyasi kavu.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mstari: Msimamizi wa udhibiti wa mmomonyoko. Mbele yake Injinia aliandika jina la mke wangu, majina yote matatu. Katika miaka ishirini na miwili lilikuwa halijawahi kuandikwa kwenye karatasi ya kazi yoyote, isipokuwa ile ya kusaini ujira. Aliuleta ukurasa ule nyumbani, akaniomba niusome kwa sauti, ingawa anasoma vizuri kuliko mimi. Nikausoma mara mbili. Mara ya pili nikasoma polepole, jina kwa jina.

Mimi pia nilipata kazi. Kitambaa cha uzio kilikuja kikiwa marobota matupu, bila mifuko ya kupitishia vigingi, kwa hiyo marobota yakaletwa sebuleni. Nilishona mifuko siku nne. Kwa ufundi wangu nikaamua na ule upande wa chini niukunje pindo zuri, lenye mshono mara mbili. Mke wangu alirudi, akauangalia, akakaa chini kwa kicheko.

"Baba watoto, hili pindo linazikwa ardhini."

"Linazikwa kwa nini?"

"Lisipozikwa, maji yatapita chini yake kama paka anavyopita chini ya mlango."

Nikataka pia kuunga marobota kwa mshono, akanikataza: ncha mbili zikikutana huviringishwa pamoja kwenye kigingi kimoja, maana mshono huachia tope likilemea. Nilinuna. Hakuna fundi anayependa kuambiwa mshono wake utaachia.

Na ni katika kununa huko nilipofanya nilichofanya. Mpira wa levo ulikuwa umelala chini ya kitambaa, mimi nikapitisha mkasi kwa hasira, nikakata vyote viwili. Mpira ulikatika kama mita moja kutoka ncha. Mpya usingepatikana siku ile, na asubuhi yake mfereji wa juu ulitakiwa kupigiwa vigingi. Mke wangu alichukua kalamu ya wino iliyokwisha, akatoa utumbo wake, akalitumia lile bomba lake kuunganisha vipande viwili, akazungushia raba nyeusi ya baiskeli, akaivuta mpaka vidole vikamwuma. Halikuvuja hata tone.

Mfereji ukapigiwa vigingi, ukachimbwa. Bwawa lilikuwa tayari, uzio ulikuwa tayari, pindo langu zuri likazikwa. Mkaguzi wa mazingira, mama mmoja mkavu asiyecheka, akaja na fomu yake, akautembea mteremko wote, akasaini. Injinia alitaka kupima mfereji kwa kipimo chake cha miguu mitatu, lakini kilikuwa matengenezoni, na akasema kipimo cha Mama Kipimo kinamtosha. Katapila ikaingia, ikavua udongo wa juu wa kipande cha kwanza, ambacho kiko chini ya mfereji, katikati.

Siku tisa baadaye, jua likiwa bado halijazama, mke wangu alirudi na mpira begani. Kazi za mpira zilikuwa zimekwisha, nao ulikuwa umekaa stoo tangu siku ya vigingi, umejaa maji, ncha zote zimezibwa kwa vizibo vya mti. Kabla hajautundika alifanya kama afanyavyo kila mara: alizibua, akazileta ncha mbili pamoja, bega kwa bega, kuangalia kama maji yanasimama sawa.

Hayakusimama sawa. Ncha iliyoungwa ilikuwa na maji juu ya mwenzake kwa zaidi ya kiganja.

"Njoo unishikie," aliniambia. Sauti ilikuwa ya kawaida, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

Nikashika. Akafungua ile raba nyeusi polepole. Ndani, bomba la kalamu lilikuwa tupu. Lilikuwa limejaa hewa kutoka mwanzo hadi mwisho, sentimita kumi na mbili, na hewa ile ilikuwa imenasa kwenye wembamba ule haitoki juu wala chini.

Alikaa kwenye kiti changu cha cherehani. Alieleza kama mtu anayehesabu nguo za kufua. Asubuhi ya vigingi alizipatanisha ncha, zikawa sawa. Walipiga vigingi sita. Mchana, wakati wa kula, mtu alijikwaa kwenye mpira, maji yakamwagika, ukajazwa upya haraka haraka. Baada ya hapo hakuzipatanisha tena. Vigingi vinne vya mwisho vilipigwa na hewa ile ndani, na ncha iliyoungwa ndiyo iliyokuwa inatangulia mbele.

"Kila kigingi nilikipandisha sentimita kumi na mbili bila kujua," alisema. "Nilitakiwa nishuke kumi. Kwa hiyo badala ya kushuka, nimepanda mbili. Mara nne. Mita arobaini za mwisho za mfereji zinarudi nyuma."

Hata fundi cherehani alielewa. Maji yangekuja mpaka katikati, yakakosa pa kwenda, yakajaa, yakaruka ukingo. Na chini ya ukingo ule ndipo katapila ilipouacha mlima uchi. Bwawa lilichimbwa kwa maji ya eneo la kazi tu, si kwa mlima mzima. Baada ya bwawa ni uzio, baada ya uzio ni chemchemi.

Nikasema kile ambacho mume yeyote angesema, na leo najionea haya. "Kesho alfajiri nenda na Twiga, mkachimbe kimya kimya. Mfereji mkavu haujisemi. Nani atajua?" Twiga ni mwenzake mrefu, ndiye mshika ncha ya mbele.

"Mkaguzi amesaini mfereji ambao haupo," alisema. "Na daftari langu la ukaguzi linasema unateremka. Nikificha hili, hata kurasa za kweli zitakuwa uongo."

"Watakutoa jina."

"Watanitoa."

"Basi nitakwenda niseme ni mimi niliyekata mpira."

Akaniangalia, na kwa mara ya kwanza jioni ile akatabasamu. "Wewe ulikata mpira, baba watoto. Aliyejaza bila kupima ni mimi. Kila mtu abebe mzigo wake."

Asubuhi nilifunga duka, nikamfuata. Mawingu yalikuwa yameshakaa mlimani, na redio ilikuwa imesema mvua ni kesho. Injinia alikuwa kwenye kontena lake akinywa chai. Mke wangu hakukaa. Alimwekea mezani kile kipande cha kalamu na kusema yote, kuanzia mpira kumwagika mpaka kigingi cha mwisho, na hakusema nani alikata mpira. Injinia alivua miwani, akaisugua muda mrefu kuliko ilivyohitaji, kisha akampigia simu Mkaguzi.

Mkaguzi alifika baada ya saa moja, na fomu ile ile mkononi.

"Nani amegundua?" aliuliza.

"Mimi," alisema mke wangu.

"Nani amekosea?"

"Mimi."

Mkaguzi akaandika, kwa mwandiko wa taratibu unaochosha roho. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, "Na mimi nilisaini mfereji mkavu bila kuupima. Hilo nalo naliandika." Akageukia Injinia. "Kazi ya kuvua udongo imesimama. Itaendelea mfereji ukirekebishwa na nikiona maji yanapita kwa macho yangu. Msimamizi unambadilisha?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa kontena, nimeshika kofia yangu kama mshtakiwa.

"Nikimbadilisha," alisema Injinia, "nitampata nani mwingine wa kuniambia?"

Mkaguzi akafunga fomu. Jina likabaki.

Tukachimba. Nasema tukachimba, kwa sababu na mimi nilishika sururu. Mpira mpya ulikuwa umeletwa, mzima, usio na kiungo, na safari hii ncha zilipatanishwa kabla ya kila kigingi, mpaka Twiga akalalamika kwamba zikipatanishwa tena zitazaa. Tulianzia mdomoni, tukapanda nyuma, ili hata mvua ikitukuta njiani maji yawe na pa kutokea. Mdomoni palitakiwa kushuka karibu nusu mita, kwa hiyo mawe yote yaling'olewa na kupangwa upya chini. Udongo tuliutupa upande wa bondeni, ukashindiliwa uwe tuta. Wanaume wanane, wanawake watano, na fundi cherehani mmoja.

"Shemeji," Twiga aliniambia saa sita mchana, "hiyo sururu haitiwi uzi."

Viganja vyangu vilikuwa vimeshatoka malengelenge. Nilikuwa namwangalia mke wangu. Alikuwa akitembea juu ya mfereji na daftari lake, anapiga magoti, anapima, anaandika, anasema "hapa vidole viwili zaidi", na watu waliokuwa wamesikia asubuhi kwamba kosa ni lake walikuwa wanachimba vidole viwili zaidi bila kunung'unika. Mimi nimeona wakubwa wengi wakikosea, na kila mara kosa liliteremka mpaka likampata aliye chini kabisa. Hili yeye alilipandisha mwenyewe, akalishika juu ambapo kila mtu analiona. Nilijisikia fahari mpaka kifua kikaniuma, au labda ilikuwa sururu.

Jua lilipoinama boza la maji lilipanda, likamwaga kwenye mwanzo wa mfereji. Sote tuliyafuata maji kwa miguu, hatua kwa hatua, kama tunasindikiza bwana harusi. Yalifika kigingi cha sita, yakapunguza mwendo kwa sababu udongo ulikuwa mkavu unayanywa, kisha yakajikusanya, yakaendelea. Yalipotoka mdomoni na kulia kwenye mawe, Mkaguzi aliangalia saa yake, akasaini. Hakucheka hata hapo.

Mvua ilikuja siku ya pili alasiri, na haikuja kwa adabu. Nilikimbia mlimani na gunia kichwani. Mfereji wa juu ulikuwa umejaa robo tatu, unapitisha maji yasiyo na rangi, moja kwa moja, mita zote mia, mpaka bondeni. Chini yake maji ya kipande kilichovuliwa yalikuwa mekundu mazito, yakaingia bwawani, na upande wa pili wa bwawa yakatoka juu ya mawe yakiwa meupe kidogo kama maji ya mchele. Uzio ulikuwa umesimama. Mke wangu alikuwa amelowa mpaka mfupa, anasoma chombo cha kupimia mvua kwa tochi ya simu ingawa bado kulikuwa na mwanga.

Alifanya hivyo msimu mzima. Kila baada ya mvua alitembea mfereji, bwawa na uzio, tope lililofika theluthi ya kitambaa likazolewa, kigingi kilicholegea kikapigwa, na kila kitu kikaandikwa. Daftari lilipofungwa lilikuwa na mvua ishirini na saba, nne kati yake kubwa kuliko ile iliyozika chemchemi mwaka juzi. Hakuna hata siku moja bomba zetu zilipotoa tope.

Mwisho wa msimu tulikwenda wote wawili kuchota. Bibi Muuza Mkaa alikuwa mbele yetu. Aliijaza ndoo, akaiinamia, akaangalia mpaka chini yake, akachukua maji kwa kiganja akanywa. Kisha akatugeukia na kutikisa kichwa kama mtu aliyedhulumiwa.

"Mwaka huu mvua haikuwa ya maana," alisema. "Ona maji yalivyo. Ingekuwa mvua ya kweli, tungekuwa tunakunywa tope."

Damu ilinipanda. Nilikuwa na mvua ishirini na saba ulimini, na mita arobaini, na malengelenge kumi, na majina yote matatu. Nikafungua mdomo. Mke wangu akanikanyaga mguu, kwa uzito wake wote.

"Kweli, mama," alimwambia Bibi. "Haikuwa ya maana."

Akaiweka ndoo yetu chini ya bomba, akasimama kuangalia maji yakijaa, na sijawahi kumwona amependeza vile.